"Ni Fupi Mno": Nini Kirudishwe, Nini Kibaki Nje

(Haya ni maneno niliyoyasema Kampala mbele ya waandishi na wafasiri wanaotayarisha muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya redio, ofisi na mikutano ya hadhara. Nimeyaandika upya ili yasomeke, na nimeacha salamu ndefu za mwanzo.)

Waheshimiwa, nyabo na sebo, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie kufupisha. Kwa ruhusa yenu nitaruka hatua ya kwanza, kwa sababu wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Nataka kusema juu ya siku ya pili. Umeshafupisha, umepeleka kazi, umeridhika nayo. Kisha msomaji anakupigia simu: "Mwalimu, nimesoma. Lakini ni fupi mno." Hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Wengine hukasirika na kuacha maandishi kama yalivyo. Wengine hufungua maandishi ya asili, wakanakili aya tatu nne, na muhtasari wa nusu ukurasa ukarudi kuwa kurasa mbili ambazo hakuna atakayezisoma.

Nitatumia kisa kimoja tu, tukifuate mpaka mwisho. Nacho ni mlipuko wa Ebola wa mwaka 2022, ulioanzia Mubende. Nilikuwa na maandishi ya kurasa nne, zaidi ya maneno 1,500, yaliyokusanya taarifa za wizara ya afya na za Shirika la Afya Duniani. Kutoka humo ulitengenezwa muhtasari huu:

"Mnamo 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola katika wilaya ya Mubende. Ugonjwa ulienea katika wilaya tisa, ukathibitishwa kwa watu 142 na kuua 55. Hakukuwa na chanjo. Serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mubende na Kassanda. Mlipuko ulitangazwa kwisha 11 Januari 2023."

Ni maneno 43. Kila sentensi ni ya kweli. Hakuna tarehe iliyokosewa wala tarakimu iliyobuniwa. Mhariri yeyote angeupitisha.

Msomaji wetu alikuwa mama mmoja anayesimamia timu za afya za vijiji upande ule wa machimbo ya dhahabu. Alikulia katika kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha nyumbani, na wachimbaji anaozungumza nao wametoka pande zote, hata nje ya nchi, hawana lugha nyingine ya pamoja. Alitaka kitu cha kuwasomea mikutanoni. Akasema ni fupi mno.

Sasa, neno hilo "fupi" msilipokee kama kipimo cha urefu. Msomaji hana namna nyingine ya kusema kwamba kuna kitu amekikosa, naye mara nyingi hajui ni kitu gani, maana hajaona maandishi ya asili. Ukimwuliza "Unataka niongeze nini?" atakujibu "Maelezo kidogo," na hapo mtakuwa mmezunguka bure. Mimi huuliza tofauti. Humwomba anisimulie habari yenyewe kwa maneno yake, bila karatasi, kana kwamba mimi ndiye mchimbaji niliyekaa mbele yake.

Mama akaanza. Alipofika kwenye chanjo akasema: "Hakukuwa na chanjo kwa sababu serikali haikuagiza mapema." Nikamwuliza ameyasoma wapi hayo. Akasema, "Si mmeandika hakukuwa na chanjo? Na Kongo walichanjwa, sote tulisikia." Alipofika kwenye vifo akasimama. "Hapa mmeandika 55. Redioni nilisikia 77. Kwa hiyo kuna watu walifichwa." Alipofika mwisho akasema tu kwamba mlipuko ulikwisha Januari, na kwamba watu humwuliza mbona wagonjwa walikuwa wameshatoka hospitali mwezi mzima kabla ya hapo, naye hana jibu.

Tazameni alichotupa. Ametuonyesha mapengo matatu, lakini hayafanani. Mawili ya kwanza hayakubaki wazi: aliyaziba mwenyewe, na akayaziba kwa uongo. La tatu lilibaki wazi. Anajua kwamba hajui. Mimi hupanga kazi ya kurudisha kwa kufuata tofauti hiyo. Kinachorudi kwanza ni kile ambacho kukosekana kwake kunamfanya msomaji aamini jambo lisilo kweli. Baada yake ndipo huja kile ambacho msomaji ataulizwa na akashindwa kujibu. Vitu vingine vyote, hata viwe vitamu namna gani, vinasubiri, na vingi vyao havitaingia kamwe.

Tuanze na chanjo. Kijana aliyekuwa akifanya kazi nami alirudi kwenye maandishi ya asili, na alifanya vyema kurudi huko badala ya kutegemea kumbukumbu. Akakuta aya nzima. Ilisema kwamba kirusi cha Mubende kilikuwa cha aina ya Sudan, na kwamba chanjo zilizokuwa zimeidhinishwa, zile za Kongo, zilikinga aina ya Zaire. Ikaendelea kueleza kwamba kulikuwa na chanjo tatu za majaribio zilizopangwa kujaribiwa hapa kwetu, kwamba shehena ya kwanza ilifika tarehe 8 Desemba, na kwamba kufikia siku hiyo mgonjwa wa mwisho alikuwa ameshapona, hivyo hapakuwa na watu waliokutana na wagonjwa wapya wa kujaribiwa. Kijana akanakili yote. Akaniambia yote yanahusu chanjo.

Ni kweli yanahusu chanjo, lakini pengo la mama halikuwa "chanjo" kwa jumla. Lilikuwa sababu: kwa nini Kongo ndiyo na sisi hapana. Jibu lake lote liko katika aina mbili za kirusi. Habari ya shehena ya Desemba inajibu swali jingine, la mtafiti anayetaka kujua kwa nini majaribio hayakufanyika. Nikakiri kwamba inavutia. Hata mimi niliisoma mara mbili. Tukaiacha nje. Iliyorudi ni sentensi moja: "Kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan, na chanjo zilizoidhinishwa zilikinga aina ya Zaire tu."

Angalieni pia tulichotoa. Sentensi ya zamani, "Hakukuwa na chanjo," iliondoka. Watu wengi husahau hili. Huongeza maelezo mapya wakaacha na lile dai la mwanzo lililosababisha shida, kisha msomaji anasoma "Hakukuwa na chanjo" na sentensi mbili baadaye anasoma kwamba chanjo zilikuwepo za aina nyingine. Kila unaporudisha kitu, soma upya sentensi zilizokuwa jirani zake. Ipo itakayokuwa imepoteza kazi, au imegeuka kuwa si kweli kabisa.

Vifo vilikuwa kazi ngumu zaidi, na hapa naomba tukae kidogo.

Kijana aliona kwamba redio ilisema 77, akathibitisha kwenye maandishi ya asili, akabadilisha tarakimu moja tu. Sentensi ikawa: ugonjwa ulithibitishwa kwa watu 142 na kuua 77. Neno halikuongezeka hata moja, na mama angefurahi kuona karatasi inakubaliana na redio. Lakini sasa hesabu imevunjika. Mwenye simu yenye kikokotozi akigawanya 77 kwa 142 atapata asilimia 54, zaidi ya nusu. Asilimia hiyo haimo popote katika taarifa za mlipuko ule.

Ukweli ni huu. Wagonjwa waliothibitishwa na maabara walikuwa 142, na kati yao 55 walikufa. Hiyo ni asilimia 39. Kuna wengine 22 ambao walikufa kabla sampuli zao hazijachukuliwa, hasa siku zile za mwanzo kabla ugonjwa haujatambuliwa. Maabara haiwezi kuwathibitisha, lakini dalili zao na uhusiano wao na wagonjwa wengine viliwafanya wahesabiwe kuwa huenda waliugua. Ukiwajumlisha hao, wagonjwa wanakuwa 164 na vifo 77, yaani asilimia 47. Hakuna aliyefichwa. Kuna hesabu mbili, kila moja ina vifo vyake juu na wagonjwa wake chini, na kijana alichukua vifo vya moja akaviweka juu ya wagonjwa wa nyingine.

Ndiyo maana nasema tarakimu hairudishwi peke yake. Ukirudisha 77 umelazimika kurudisha 164, na ukirudisha 164 umelazimika kusema hao 22 ni akina nani, la sivyo umemwachia msomaji pengo jipya badala ya lile ulilolifunga. Gharama inapanda haraka. Kabla ya kuanza jiulize kama unaweza kuilipa yote. Ukiona huwezi, acha tarakimu ya zamani na uipe kinga ndogo: badala ya "kuua 55" ungeweza kuandika "55 kati yao walikufa," ili ijulikane kwamba ni kati ya wale waliothibitishwa tu. Kwa msomaji ambaye hajasikia 77 popote, hilo lingetosha. Kwa mama huyu, ambaye kesho atasimama mbele ya watu waliosikia redio ileile, halikutosha. Tukalipa yote. Asilimia zenyewe hatukuziandika. Anayezitaka atazipata kwa kugawanya, na safari hii atapata iliyo sahihi.

Pengo la tatu, la Januari. Maandishi ya asili yalisema kwamba mgonjwa wa mwisho aliruhusiwa kutoka tarehe 30 Novemba, na kuanzia hapo zikahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya. Jihesabieni: siku 31 za Desemba na 11 za Januari, zinatimia 42. Kwa nini 42? Kwa sababu mtu aliyeambukizwa huweza kukaa hadi siku 21 kabla ya kuonyesha dalili, na utaratibu ni kusubiri muda huo mara mbili. Kijana akaandika vizuri, kwa ufupi: "mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi huweza kujificha mwilini."

Sentensi hiyo ilinipendeza mpaka muuguzi mmoja tuliyemwonyesha rasimu akatikisa kichwa. Akasema, "Mkiandika hivyo, mwanamume aliyepona ataamini baada ya siku 21 mwili wake ni safi. Kirusi huweza kubaki kwenye manii kwa miezi." Na ni kweli, ndiyo sababu waliopona hupewa ushauri na kupimwa manii baada ya kutoka hospitali. Siku 21 ni muda kabla ya dalili, hazisemi lolote juu ya baada ya kupona. Maandishi ya asili yalikuwa na maneno "kabla ya dalili." Yalidondoka katika kufupisha kile tulichokuwa tunakirudisha. Tukayarejesha.

Kumbe maelezo yanayorudi yanaweza kuumia njiani yanaporudi, sawasawa na yalivyoumia yalipotolewa. Unapunguza mara ya pili, na mara ya pili macho yamechoka na unajihisi umeshafanya wema. Kwa hiyo kila kipande kilichorudi nakilinganisha neno kwa neno na chanzo chake, nikitafuta hasa maneno madogo ya mpaka: kabla, hadi, kati ya, huenda, tu. Hayo ndiyo huanguka kwanza kwa sababu yanaonekana hayana uzito.

Kulikuwa na jambo la nne, ambalo mama hakulikosa lakini alilidai. Alisema, "Na ile karantini mmeitaja kwa mstari mmoja. Sisi tuliishi ndani yake." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Maandishi ya asili yalikuwa na aya ndefu: Rais alitangaza siku 21 za kufunga wilaya hizo mbili, zikaongezwa, zikaongezwa tena, boda boda zikazuiwa, sehemu za ibada na burudani zikafungwa, na kadhalika. Lakini mama anayajua haya kuliko aliyeyaandika, na wasikilizaji wake pia. Hakuna uongo ambao wangeuamini kwa kuyakosa. Hata hivyo sentensi yetu ilikuwa na kasoro moja: haikuonyesha kwamba jambo hilo lilikuwa refu. "Serikali ilizuia watu kuingia na kutoka" yaweza kuwa wiki moja.

Basi tukaandika: "Mubende na Kassanda zilifungwa kuanzia 15 Oktoba hadi 17 Desemba." Sentensi ya zamani ilikuwa na maneno tisa, hii ina kumi. Kwa neno moja la ziada, miezi miwili imeingia. Tarehe mbili za mwanzo na mwisho hubeba habari nyingi kuliko kitu kingine chochote cha ukubwa wake, na mara nyingi ndizo ninazozitafuta kwanza pale msomaji anapotaka uzito wa jambo wala si maelezo yake. Boda boda zilibaki nje. Wanazijua.

Haya, huu hapa muhtasari uliotoka:

"Mnamo 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola wilayani Mubende. Kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan, na chanjo zilizoidhinishwa zilikinga aina ya Zaire tu. Ugonjwa ulifika wilaya tisa. Maabara ilithibitisha wagonjwa 142, na 55 kati yao walikufa. Wengine 22 walikufa kabla ya kupimwa wakahesabiwa kuwa huenda waliugua, jumla ikawa wagonjwa 164 na vifo 77. Mubende na Kassanda zilifungwa kuanzia 15 Oktoba hadi 17 Desemba. Mlipuko ulitangazwa kwisha 11 Januari 2023, siku 42 baada ya mgonjwa wa mwisho kuruhusiwa kutoka hospitali, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili."

Maneno 95. Umeongezeka zaidi ya mara mbili, na bado haufikii sehemu moja ya kumi ya maandishi ya asili. Sikuweka kikomo cha maneno tangu mwanzo. Niliweka kikomo cha kusoma. Mama alisema ana dakika moja tu mkutanoni kabla watu hawajaanza kuuliza maswali. Tukausoma kwa sauti, mwendo wa kawaida, tukaona unaingia. Kama usingeingia, ningeondoa kwanza wilaya tisa, kwa sababu ukiiondoa hakuna anayeamini jambo baya, isipokuwa pengine kwamba ugonjwa haukutoka nje ya Mubende. Na hilo Kassanda wanalikanusha wenyewe kwa kutajwa.

Mtaona pia kwamba kila kipande kimewekwa pale kinapohusika. Sababu ya chanjo imekaa jirani na kirusi, na siku 42 zimekaa jirani na tarehe ya kwisha. Mtindo wa kuacha muhtasari wa zamani kama ulivyo, kisha kubandika chini aya ya "maelezo zaidi," siupendi. Msomaji anakuwa ameshaamini uongo wake kufikia mstari wa tatu, na wengi hawafiki chini.

Mzee mmoja hapa mbele ameniuliza, kabla sijaanza, kuhusu wahudumu wa afya. Katika mlipuko ule waliambukizwa wahudumu 19, na saba wakafa. Mbona hawamo? Swali zuri, na lilinisumbua. Kama msomaji angekuwa yule muuguzi, hao 19 wangeingia sentensi ya pili, na karantini ingetoka yote. Kwa wachimbaji, jambo lililokuwa likibishaniwa lilikuwa chanjo na vifo. Ningeweza kuwaweka wote, wahudumu na shehena ya Desemba na boda boda, kila kimoja kina mtu wake atakayefurahi. Lakini hapo ningekuwa nimeandika tena zile kurasa nne, kwa mpangilio mbaya zaidi. Ni afadhali kutengeneza muhtasari wa pili kwa ajili ya wauguzi. Kazi yake ni nusu saa, kwa sababu umeshajua kila kitu kiko wapi.

Na ikiwa msomaji atausoma huu wa maneno 95 na kusema bado ni mfupi? Mwombe asimulie tena. Akisimulia sawasawa, bila kuongeza la uongo na bila kukwama, basi anachotaka sasa ni maandishi yenyewe. Mpe kurasa zote nne, umtilie alama ya kalamu pembeni mwa aya anayoiulizia.

Nipo tayari kwa maswali.